Kichwa cha neno kiko wapi? Ushauri kwa tunaofundisha Kiswahili Malindi

Ukimfundisha Mtaliano maneno ambatani, usimpe orodha akariri. Muulize kwanza wingi wa neno la kwao "capostazione", yaani mkuu wa kituo cha treni. Atakwambia "capistazione". Kilichobadilika ni "capo", mkuu, nacho kimetangulia. Kituo kimebaki vilevile. Hapo mwandikie mwanakondoo, wanakondoo. Huna haja ya kueleza zaidi. Sehemu inayobeba wingi ndiyo kichwa cha neno, na lugha zote mbili hukiweka mbele. Kiingereza hukiweka nyuma: "houseboat" ni mashua, lakini "boathouse" ni banda la mashua. Ndiyo maana wanafunzi waliopitia Kiingereza kwanza huja kwetu wakisoma maneno kinyumenyume.

Maneno ya namna hii nayaita yenye kichwa ndani, kwa sababu neno zima ni aina ya kile kichwa. Askari kanzu ni askari. Mwanakondoo ni mwana, wa kondoo. Wanafunzi hawasumbuki hapo.

Wanasumbuka kwenye kifungua chupa. Mama mmoja wa Kitaliano, mwanafunzi wangu, alikuwa dukani karibu na soko na soda mkononi, akamwambia muuzaji, "Kifungua chupa imepotea." Muuzaji akashangaa: "Chupa imepotea? Si hiyo umeishika, mama!" Kosa hilo halikutokana na uvivu. Kwao kifaa hicho ni "apribottiglie", kitenzi "fungua" kikifuatwa na "chupa", basi. Hakuna sehemu inayotaja kifaa. Chupa kwao ni jinsi ya kike, lakini neno zima ni la kiume, na wingi wake haubadiliki. Halirithi kitu kutoka kwa sehemu zake, na kinachotajwa kiko nje ya neno. Hilo ni neno lenye kichwa nje. Yule mama alipoligeuza kwa Kiswahili aliona jina moja tu, chupa, akalipatanisha nalo.

Asichokiona ni ki-. Kiambishi hicho kidogo ndicho kinachosema "kitu cha", ndicho kinachokuwa vi- katika wingi, na ndicho kinachotawala kitenzi: kifungua chupa kimepotea, vifungua chupa vimepotea. Kiinua mgongo vivyo hivyo. Mstaafu hulalamika kuwa kiinua mgongo chake kimechelewa, wala hasemi umechelewa kwa ajili ya mgongo. Kwa maoni yangu maneno haya yana kichwa ndani, ila kichwa chenyewe ni kiambishi. Wapo watakaobisha, kwa kuwa wao huhesabu maneno kamili tu. Kwa mwalimu, jambo la kufanya ni lilelile: mwambie mwanafunzi akipigie mstari kile ki- kabla hajafungua mdomo.

Sasa ukitaka kichwa kilicho nje kwelikweli, tafuta majina ya utani. Mtu mwenye miwani anaitwa Macho Manne. Tunasema "Macho Manne amefika." Ukisema "macho manne yamefika" umetaja macho yenyewe. Hakuna sehemu ya jina inayomtaja mtu, ila kitenzi kinamfuata mtu. Wanasarufi wa Kisanskriti wa zamani waliyaita maneno ya aina hii bahuvrihi, na jina hilo lenyewe ni mfano wake: "bahu" ni -ingi, "vrihi" ni mpunga, na maana yake ni mtu mwenye mpunga mwingi. Mpunga wenyewe siyo unaotajwa.

Lakini jihadhari na kipimo hiki cha upatanisho. Kiboko naye husemwa "amekuja", wala si neno ambatani, kwa sababu majina ya watu na wanyama huvuta a- na wa-. Kwa hiyo "amefika" inakuthibitishia tu kwamba kinachotajwa ni kiumbe. Linganisha basi na sehemu ya kwanza: jicho si kiumbe chenye kufika, kwa hiyo mwenye kufika yuko nje. Angalia pia kichwa maji. Watu wanasema "vichwa maji wamefika". Umbo la wingi limekaa palepale mbele, kama kwenye mwanakondoo, ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliye aina ya kichwa. Ya umbo na ya maana yameachana, na mwanafunzi anapaswa kuuliza maswali mawili tofauti: nini kinabeba wingi, na je, hiki ni aina ya kile?

Swali la pili nalo lina mtego. Kwa mtaalamu wa ndege, batamzinga ni wa jamaa ya kuku, hana undugu wa karibu na bata. Je, kichwa kiko nje? Mimi nasema hapana. Aliyemwita hivyo alimwona kama bata, na mfugaji anayemtafuta sokoni bado anamhesabu hivyo. Jongoo bahari, ambaye wapiga mbizi wa pwani yetu humtoa baharini, ananitatiza zaidi, maana hata mvuvi hadai kuwa ni jongoo. Amefananishwa naye tu. Darasani ninamweka upande wa kichwa ndani, kwa sababu anafuata mpango wa kawaida wa jina na kifafanuzi chake, na ufananisho umo katika neno jongoo lenyewe. Mwanafunzi akinibishia kwa hoja, simsahihishi.