Kichwa kinasema kipato, tatizo linasema marejesho

"Msimamizi karudisha pendekezo langu la masta, kaandika 'havioani'. Kichwa: Athari za mikopo ya VICOBA kwa kipato cha wanawake wajasiriamali, Temeke. Tatizo: wengi wanashindwa kurejesha. Lengo la kwanza: kubaini sababu za kushindwa. Nirekebishe wapi?"

Ndugu, aliyekujibu hapo juu kwamba maswali yafuate malengo yuko sahihi, ila hilo halitakuokoa. Hapo una tafiti mbili: kichwa kinapima kipato, tatizo na lengo vinahusu marejesho. Usianze na kichwa. Anza na sentensi ya tatizo inayotaja kisichojulikana, kisha vingine vitokane nayo.

Ukibaki na marejesho, kichwa kiwe "Mambo yanayochangia wanawake wajasiriamali kuchelewesha marejesho ya mikopo ya VICOBA, Temeke". Lengo moja: kuchunguza uhusiano kati ya matumizi ya mkopo na ucheleweshaji. Swali lake: je, waliotumia mkopo kwa ada au matibabu huchelewa zaidi ya walioongeza mtaji? Tayari unajua cha kuuliza kwenye dodoso, na daftari la kikundi litakuonyesha nani alichelewa.

Ukitaka kipato, andika tatizo upya, na uangalie neno "athari". Dodoso la mara moja kwa wakopaji pekee haliionyeshi. Unahitaji wasiokopa wa kulinganisha nao, au kumbukumbu za mapato ya kabla ya mkopo. Wapo wasimamizi wanaoliachia neno hilo lipite. Muulize wako mapema, kabla hujagusa sura ya mbinu.