AHT katika nambari ya shasi

«Muuzaji hapa Lubumbashi ananiambia Hilux hii ilitengenezwa Japani, lakini nambari ya shasi inaanza na AHT. Nimuamini?»

Ndugu, kuhusu nchi ya utengenezaji usimuamini, kwa sababu herufi mbili za kwanza, kuanzia AA hadi AH, ni za Afrika Kusini, na AHT nzima ni alama ya kiwanda cha Toyota cha nchi hiyo, kilichoko Durban. Hilux iliyotoka Japani ingeanza na J, na ile ya Tailandi mara nyingi huanza na MR0. Usukani wa kulia hautakusaidia kuamua, kwa kuwa Japani na Afrika Kusini zote huendesha upande wa kushoto.

Jambo moja huwachanganya wanunuzi wengi: magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani kwa kawaida hayana nambari ya tarakimu na herufi 17, bali yana nambari fupi yenye kistari katikati, ambayo mwanzo wake hutaja modeli wala si nchi. Hivyo hesabu kwanza. Zikitimia 17, ndipo usome mwanzo wake.

Soma nambari iliyogongwa kwenye fremu yenyewe, kisha uilinganishe na hati. Ukiona I, O au Q katika nambari yenye tarakimu na herufi 17, shuku mara moja, kwani herufi hizo hazitumiki kamwe. AHT haionyeshi gari liliuzwa wapi wala lilipitia mpaka upi. Kwa hayo, dai hati za forodha.