Gauni Linapogeuka Suruali: Kwa Mnaoanza Kuhamisha Nguo Kwenye Picha

Wadogo zangu, mnamvisha mtu gauni jipya pichani kwa modeli ya AI, mnabadilisha mbegu, mnapandisha hatua kutoka 30 hadi 50, na gauni bado linatoka na miguu miwili. Acheni mbegu. Angalieni maski, yaani eneo mnaloiruhusu modeli ichore upya.

1. Maski ifuate gauni linalokuja, si nguo inayovuliwa. Tuseme dada amesimama kavaa fulana na jinzi, miguu imeachana kidogo, na mnataka kumvisha dera la maua lenye mikono mirefu. Programu ya kutenganisha nguo inawapa fulana na jinzi safi kabisa, nanyi mnafunika hizo tu. Katikati ya miguu ukuta umebaki wazi, na modeli hairuhusiwi kugusa kilicho nje ya maski. Basi inamwaga maua yote kwenye miguu miwili: suruali ya maua. Mikono ya dera nayo inakatikia juu ya kiwiko, pale fulana ilipoishia. Halafu mnailaumu modeli!

Futeni kabisa umbo la nguo ya zamani. Anzeni shingoni mpaka vifundo vya miguu, zibeni uwazi wa katikati, tanueni pembeni kadiri dera linavyomwagika, na mfunike mikono mpaka karibu na viganja. Uso, nywele, viganja na nyayo viacheni. Kisha ongezeni kama piseli 16 kuzunguka maski, ila msiingie usoni. Kwenye modeli za ukoo wa Stable Diffusion picha hubanwa mara 8 kila upande, piseli 8 kwa 8 zikawa chumba kimoja, hivyo kijiufito cha jinzi kilichobaki ukingoni huingia chumba kimoja na dera na kulitia rangi. Kuzeni picha 200% mtazame pindo: mkiona buluu, maski bado imebana.

2. Tumieni uzito wa modeli uliofunzwa kwa magauni. Mkusanyiko wa picha za mafunzo wa VITON-HD una nguo za juu tu. Magauni yamo kwenye mkusanyiko wa DressCode. Kwa programu ya OOTDiffusion:

```
python run_ootd.py --model_path mtu.jpg --cloth_path dera.jpg --model_type dc --category 2
```

Hiyo 2 ndiyo gauni. 0 ni nguo ya juu, 1 ni ya chini.

3. Ua dogo hufa. Picha ya 768 kwa 1024 ikibanwa inabaki 96 kwa 128, kwa hiyo ua la piseli 8 linapata chumba kimoja tu, na hapo petali hazina pa kukaa. Kateni picha ili mtu ajaze fremu. Maandishi ya kanga msiyategemee. Yabandikeni wenyewe baadaye.

4. Mwishoni rudisheni piseli za asili kila mahali nje ya maski, kwa ukingo uliolainishwa kidogo. Kule kubanwa na kufunguliwa huharibu macho na vidole hata pasipoguswa, na mwenye picha ataona mara moja kwamba sura si yake.