Barua ya kumwita mwenzi wa mgonjwa wa kaswende

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya mkoani Tanga. Tumempata mwanamume mwenye kidonda cha kaswende kilichokwisha kaa wiki mbili. Ana mke mjamzito na pia mwanamke mwingine nje ya ndoa. Amekubali waitwe, lakini hataki ajulikane, na barua tuliyonayo ina nafasi ya kuandika jina la mgonjwa. Mpya niiandikeje, na nieleze nini juu ya kipimo na dawa?

Jibu: Marahaba. Barua yenye jina la mgonjwa iacheni leo hii. Kabla ya kuandika nyingine, kaa na mgonjwa mhesabu wanaopaswa kuitwa. Kidonda cha kaswende hutokea kati ya siku 10 na 90 baada ya kuambukizwa, kwa hiyo hurudi nyuma miezi 3 kuanzia siku kidonda kilipoonekana, kisha huongeza wiki 2 ambazo kimekuwepo. Muulize juu ya kila aliyekutana naye kimwili katika miezi hiyo mitatu na nusu, na usiridhike upesi na wale wawili aliowataja kwanza.

Jina si kitu pekee kinachomfichua mtu. Barua ikitaja jinsia ya mgonjwa, tarehe aliyopimwa, tarehe waliyokutana, au namba ya jalada lake, mpokeaji ataunganisha mambo mwenyewe. Hata tarehe ya barua ina hatari, kwa sababu mke anayejua kwamba mumewe alikwenda kituoni Jumanne, kisha akapokea barua ya Jumanne, hahitaji kuambiwa zaidi. Tarehe ibaki kwenye rejista yenu. Kwenye barua andikeni namba ya siri isiyotokana na namba ya jalada, na rejista inayounganisha namba hizo mbili ifungiwe kabatini. Bahasha iwe nyeupe, isiyo na mhuri wa kitengo wala maandishi yanayotaja magonjwa ya ngono.

Mimi ningeandika hivi:

> Ndugu,
>
> Tumepata taarifa kwamba huenda umekuwa karibu na maambukizi ya kaswende. Barua hii haisemi kwamba unaumwa, bali inakuomba ufike kupimwa na kutibiwa mapema, hata kama hujisikii vibaya.
>
> Kaswende huambukizwa kwa kujamiiana na mara nyingi haioneshi dalili. Kipimo ni tone la damu kutoka kidoleni, na majibu hutoka siku hiyo hiyo. Kipimo kinaweza kuwa safi katika wiki za mwanzo ingawa maambukizi yapo, kwa hiyo mhudumu anaweza kukushauri upate dawa hata kama majibu hayaoneshi ugonjwa. Dawa ni sindano na inaponya. Mweleze mhudumu ikiwa una mimba, au ikiwa penisilini iliwahi kukudhuru.
>
> Tafadhali usijamiiane hadi utakapopimwa, na ukipewa dawa, hadi siku 7 zipite baada ya kumaliza matibabu.
>
> Ukifika, onesha namba iliyo hapa chini. Hutaulizwa sababu ya kuja mbele ya watu. Hatutakutajia aliyetupa taarifa, na taarifa zako nawe tutazilinda vivyo hivyo.

Chini yake iwekwe namba ya siri, jina la kituo, siku na saa za huduma, na simu ya kituo, si ya muuguzi binafsi.

Wapo wanaopendelea barua isitaje ugonjwa. Kwa barua itakayokabidhiwa mkononi ikiwa imefungwa, nadhani kutaja ni bora, kwa kuwa mtu asiyejua ameitiwa nini huenda akaenda zahanati nyingine, akapimwa virusi vya ukimwi peke yake, akarudi nyumbani ameridhika na kaswende yake. Lakini ikiwa itapitia kwa mtu mwingine, au ni ujumbe wa simu inayoshikwa na wengi, mwombeni tu afike kituoni kwa ushauri wa afya, na mengine aelezwe chumbani.

Sentensi inayosema kwamba dawa inaweza kutolewa hata kipimo kikiwa safi msiiondoe. Barua nyingi hukosea hapo kwa kuandika kwamba asiyekutwa na ugonjwa ataruhusiwa aende. Aliyekutana na mgonjwa wa hatua hii ndani ya siku 90 zilizotangulia ugunduzi wa ugonjwa hutibiwa siku ya kwanza kwa benzathini penisilini yuniti milioni 2.4, ambayo kwa kawaida hugawanywa katika sindano mbili, moja kila tako. Mwelezeni kwamba anaweza kupata homa na kuumwa kichwa ndani ya saa 24, ili asidhani amedhurika. Asiyeweza kupewa penisilini, na hana mimba, hupewa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 14. Vilevile, kipimo cha haraka cha kawaida mara nyingi hubaki chanya maisha yote hata kwa aliyekwisha kupona, kwa hiyo majibu chanya peke yake hayawezi kuonesha nani alimwambukiza nani. Jambo hilo mwenzi aelezwe kwa mdomo, tena mapema, kwa sababu ugomvi mwingi huanzia hapo.

Sasa mke. Mwambieni mgonjwa waziwazi kwamba mtu mwenye mwenzi mmoja tu atamjua aliyemleta, barua iandikwe vyovyote iwavyo. Msimwahidi siri ambayo karatasi haiwezi kuitunza. Baadhi ya wahudumu hupendekeza mke apimwe kimyakimya kliniki ya wajawazito, ambako kaswende hupimwa pamoja na virusi vya ukimwi. Njia hiyo siikubali. Kipimo chake kikiwa safi bado anahitaji sindano, na hawezi kuiridhia pasipo kujua sababu yake. Mshawishini mume aje naye au amweleze mbele yenu, mkiisha kumuuliza kila mmoja akiwa peke yake kama nyumbani kuna vitisho au kipigo. Penisilini ndiyo dawa pekee inayotegemewa kumtibu mtoto aliye tumboni, na inapaswa kutolewa angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Kwa hiyo mke asisubiri, na akisema mwili wake hauipokei, apelekwe hospitali badala ya kupewa dawa nyingine.

Mwanamke wa pili ndiye barua hii inayemfaa zaidi, hasa ikiwa naye ana wenzi wengine. Mgonjwa achague kumpelekea mwenyewe au kituo kimtafute. Akitaka kumpelekea mwenyewe, mwelezeni kwamba kwa kuipeleka amejitambulisha.

Wafundisheni pia watu wa mapokezi. Wakiiona namba, wamwelekeze mhusika moja kwa moja chumbani pasipo kumuuliza nani amemtuma. Taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo hata akishikilia sana kutajiwa jina, jibu ni kwamba kituo hakitaji jina la yeyote, na msimthibitishie wala kumkanushia anayemdhania.

Mkubaliane na mgonjwa muda wa kusubiri: siku 2 kwa mke, siku 7 kwa yule mwingine. Muda ukipita bila mtu kufika, msimfuate kabla ya kuzungumza tena na mgonjwa, maana hali ya nyumbani inaweza kuwa imebadilika. Akiridhia, mhudumu mmoja ampigie mwenzi simu, ahakikishe kwanza kwamba anaongea na mhusika mwenyewe, kisha amweleze yaliyomo kwenye barua na asiongeze neno juu ya mgonjwa.