Wimbo wa MSU-1 unacheza taratibu na kurudia vibaya

"Wakuu, nimebadilisha wimbo wa bosi kwenye mchezo wangu wa Super Nintendo kwa MSU-1. Faili la pcm linacheza, ila wimbo umekuwa wa polepole na sauti nzito. Ukifika mwisho unarudi mahali pasipo pake, ngoma zinagongana. Nimekosea wapi?"

Mkuu, hayo ni makosa mawili, na yanaanzia sehemu moja: faili lako la awali lilikuwa la Hz 48,000.

Super Nintendo yenyewe hutoa sauti kwa Hz 32,000, ikitumia sampuli zilizobanwa zinazokaa kwenye kumbukumbu ya KB 64 tu. MSU-1, aliyoibuni marehemu Near (wengi tulimjua kwa jina la byuu), inapita kando ya hiyo yote na kusoma faili moja kwa moja. Masharti yake hayabadiliki: Hz 44,100, biti 16, stirio. Ndani ya faili la pcm hakuna mahali pa kuandika kasi ya sampuli. Ukiipa data ya 48,000 haitakulalamikia, itaicheza kwa 44,100 kama kawaida. Wimbo wa sekunde 120 utachukua karibu sekunde 131, na sauti itashuka kama nusu-toni moja na nusu. Ukitaka uhakika, pima kwa saa ya simu. Ukipata uwiano huo, ugonjwa umeujua.

Sasa kuhusu kurudia. Faili linaanza na baiti 8. Nne za kwanza ni herufi `MSU1`, na nne zinazofuata ni namba ya sampuli ambako wimbo utarudi. Sampuli, si sekunde wala baiti. Kushoto na kulia kwa pamoja huhesabiwa sampuli moja, yenye baiti 4. Kama data na namba vyote vingekuwa vya 48,000, wimbo ungekuwa mzito lakini ungerudi palepale panapotakiwa. Kwako vyote viwili vimeharibika, kwa hiyo nadhani ulichukua sekunde ukazidisha kwa 44,100 huku data ikibaki ya 48,000.

Mimi nilikosea kinyume chake. Niligeuza sauti vizuri kabisa, lakini namba ya kurudia nikaiacha ile niliyoiona kwenye programu ya muziki, iliyokuwa ya 48,000. Wimbo ulisikika safi, ila kila ukirudi uliruka karibu mapigo mawili. Jioni nzima nilikuwa nikilaumu emuleta! Tangu hapo nageuza kwanza, ndipo napiga hesabu.

Nikuoneshe kwa wimbo wangu huohuo. Kasi yake ni mapigo 140 kwa dakika, baa ya mapigo 4. Kwa Hz 44,100, pigo moja ni 60 ÷ 140 × 44,100 = sampuli 18,900 kamili, na baa ni 75,600. Una utangulizi wa baa 4, kisha sehemu ya kurudia ya baa 32. Hesabu ya haraka ingesema urudi kwenye 302,400, yaani mwisho wa utangulizi, na umalize baa ya 36. Nilijaribu hivyo. Mapigo yalikaa sawa, lakini kila ukirudi mwangwi wa matoazi ya mwisho ulikatika ghafla, kama mtu kafunga mlango.

Dawa yake ni kusogeza ncha zote mbili mbele kwa baa moja. Kwenye programu ya muziki panga sehemu ya kurudia mara mbili mfululizo, utoe wimbo wote, halafu uukate baa moja ndani ya mzunguko wa pili. Hapo mwangwi wa mwisho wa mzunguko umeshamiminika ndani ya hiyo baa ya ziada, na unaporuka kurudi nyuma unakuta muziki uleule ukiendelea. Kwangu pointi ya kurudia ikawa 302,400 + 75,600 = 378,000, na mwisho wa faili ukawa baa 37, yaani sampuli 2,797,200.

Nasisitiza huo mwisho wa faili kwa sababu watu wengi hutafuta mahali pa kuandika pointi ya pili. Haipo. MSU-1 hurudi data inapoisha, basi. Ukiacha sekunde mbili za ukimya mwishoni, utazisikia kila mzunguko. Na kama wimbo unafifia mwishoni, ukate kabla haujaanza kufifia.

Amri hii inageuza, inapunguza sauti kidogo na kukata kwenye sampuli kamili:

```
ffmpeg -i bosi.wav -af "aresample=44100,volume=-6dB,atrim=end_sample=2797200" -ac 2 -f s16le data.raw
```

Hiyo -6dB si sheria. Nyimbo za kisasa huja na kelele nyingi na kufunika milio ya mchezo, kwa hiyo sikiliza mwenyewe panapokaa vizuri. Anza na WAV au FLAC. MP3 mara nyingi hubeba ukimya mdogo mwanzoni, na hesabu yako yote inasogea.

Kisha ongeza zile baiti 8:

```
python3 -c "
import struct
d = open('data.raw','rb').read()
h = b'MSU1' + struct.pack('<I', 378000)
open('mchezo-2.pcm','wb').write(h + d)"
```

Jina la faili na namba ya wimbo lazima vilingane na pachi uliyotumia.

Kabla ya kufungua mchezo, angalia ukubwa wa faili. Langu linapaswa kuwa 2,797,200 × 4 + 8 = baiti 11,188,808, bila kupungua hata moja. Baiti za mwanzo zikisomwa kwa heksa ni `4D 53 55 31 90 C4 05 00`. Namba imeandikwa kinyumenyume, baiti ndogo kwanza. Ukiona `00 05 C4 90`, umeiandika kwa mpangilio usio sahihi.

Tena usisubiri dakika nzima ya bosi ili usikie mshono. Chukua sekunde 4 za mwisho, uzibandike na sekunde 4 zinazoanzia kwenye pointi ya kurudia:

```
tail -c 705600 data.raw > mshono.raw
tail -c +1512001 data.raw | head -c 705600 >> mshono.raw
```

Hiyo 1512001 imetoka kwenye 378,000 × 4, ukaongeza moja kwa kuwa `tail` huanza kuhesabu kwenye 1. Fungua `mshono.raw` kwenye Audacity kama data ghafi: biti 16 zenye ishara, baiti ndogo kwanza, stirio, 44100. Sikiliza sekunde ya nne. Ukisikia "tk" fupi lakini mapigo yako sawa, mawimbi hayakutani vizuri. Sogeza ncha zote mbili kwa sampuli chache zilezile. Mapigo yakiruka, rudi kwenye hesabu ya kasi ya wimbo.

Kuna hali moja ambayo faili lako halihusiki. Wimbo ukicheza mara moja ukanyamaza, ujue anayeamuru kurudia ni mchezo, kwa biti 1 ya rejista `$2007`. Pachi nyingine huacha nyimbo fupi za ushindi zisirudie kwa makusudi, na ukiweka wimbo wa bosi kwenye namba ya namna hiyo, utanyamaza hata kama baiti zote 8 ziko sawa. Hebu tutajie umetumia namba gani.