Sauti ya simu imefifia sikioni

"Nikipigiwa simu simsikii mtu vizuri hata sauti ikiwa juu kabisa, ila nikiweka spika ya nje anasikika safi. Spika ya sikioni imekufa?"

Pengine imeziba tu. Mulika tochi kwa pembeni kwenye kile kiwavu cha juu ya skrini. Ukiona utando wa kijivu, hizo ni nyuzi za mfukoni zilizogandana na mafuta ya ngozi. Hujaa taratibu, nawe unapandisha sauti bila kushtuka.

Zima simu, ielekeze kiwavu chini, usugue polepole kwa mswaki mpya, laini, mkavu kabisa. Yangu ilidondosha kitu kama pamba chafu! Sindano hapana, hutoboa wavu. Kupuliza kwa mdomo huongeza unyevu. Wavu ukiwa safi na sauti bado hafifu, mwone fundi.