Kupima Sheda kwa Rangi: Maswali Yenu

SWALI: Nimezoea kuweka `console.log` kila ninapokwama. Ndani ya sheda hakuna kitu kama hicho. Ninyi mnaijuaje thamani iliyo katikati ya hesabu?

JIBU: Sheda ya fragmenti huendeshwa kwa kila pikseli peke yake, na inachorudisha ni rangi. Basi thamani unayoitafuta itabidi itoke kwa mlango huo huo, ikiwa imevaa rangi.

Anza na jambo dogo kabisa: je, mstari huu unafikiwa? Andika `gl_FragColor = vec4(1.0, 0.0, 1.0, 1.0);` ndani ya tawi la `if` unalolitilia shaka. Hiyo ni waridi kali ambayo ni nadra kuikuta kwenye mandhari ya kawaida. Sehemu zisizogeuka waridi hazipiti hapo.

Ukishajua msimbo unapita, njoo kwenye namba. Wengi huandika `vec3(x)` na kusoma kijivu kinachotokea. Kwenye skrini ya kawaida kijivu hicho kinaficha mengi, kwa sababu kila kilicho chini ya 0 hukatwa kikawa cheusi na kila kilichozidi 1 hukatwa kikawa cheupe. Thamani ya -7 na ya 0 zitaonekana sawasawa. Mimi hutumia kipande hiki, na nimekinakili kwenye kila mradi wangu:

```glsl
vec3 c = vec3(1.0, 1.0, 0.0);
if (x < 0.0) c = vec3(0.0, 0.0, 1.0);
else if (x > 1.0) c = vec3(1.0, 0.0, 0.0);
else if (x >= 0.0) c = vec3(x);
gl_FragColor = vec4(c, 1.0);
```

Bluu ni hasi, nyekundu imezidi 1, kijivu iko ndani ya mipaka. Manjano ni ya kitu kisichokubali ulinganisho wowote, tutaifikia baadaye. Ukiona nyekundu tupu, gawanya `x` kwa 10 au 100 mpaka kijivu kitokee. Hapo umeshajua ukubwa wake. Na ile 1.0 ya mwisho usiisahau. Ukiacha uwazi uliotoka kwenye picha ya uso, rangi yako itachanganyika na iliyo nyuma yake, nawe utasoma mchanganyiko ukidhani ni thamani.

SWALI: Nimechora mtungi kwa Three.js na sheda yangu mwenyewe, nikaweka jua upande wa kulia. Nikiuzungusha mtungi, mwanga uko sawa. Nikizungusha kamera, upande wenye mwanga unahama nayo. Nimepitia hesabu mara kumi, sioni kosa.

JIBU: Hesabu yenyewe huenda ni sahihi, ila vekta mbili unazozizidisha zimepimwa kwa dira tofauti. Hili ni kosa ambalo kusoma msimbo hakulifichui kirahisi, lakini rangi hulionyesha kwa dakika moja.

Chukua nomali, yaani vekta inayosimama wima juu ya uso, uipake kwenye mtungi. Vipande vyake huanzia -1 hadi 1, kwa hiyo visogeze viingie kati ya 0 na 1:

```glsl
vec3 n = normalize(vNormal);
gl_FragColor = vec4(n * 0.5 + 0.5, 1.0);
```

Uso unaotazama kulia, kwenye X, utakuwa mwekundu uliopauka. Unaotazama juu, kwenye Y, kijani kilichopauka. Unaotazama Z utakuwa bluu ya zambarau. Ni rangi ile ile inayotawala kwenye picha za nomali, takriban 128, 128, 255.

Sasa usitazame rangi peke yake, tazama inafuata nini. Zungusha mtungi: wekundu ukizunguka pamoja nao kama umepakwa kwa brashi, nomali imebaki kwenye nafasi ya kitu chenyewe, hujaizidisha na matriksi yoyote. Wekundu ukibaki upande ule ule wa mandhari, mtungi ukizunguka chini yake, bado kuna mawili. Zungusha kamera. Rangi zikitulia juu ya mtungi, ukiuzunguka unaona pande zake nyingine zenye rangi nyingine, uko kwenye nafasi ya dunia. Lakini wekundu ukikaa daima kulia kwa skrini hata uende wapi, nomali iko kwenye nafasi ya kamera.

Kwa maelezo yako, naamini utaona hili la mwisho. `normalMatrix` ya Three.js hutengenezwa kutokana na `modelViewMatrix`, kwa hiyo inaipeleka nomali hadi kwenye nafasi ya kamera, si ya dunia. Ili uhakikishe, paka na vekta ya jua kwa fomula hiyo hiyo. Mtungi wote utakuwa na rangi moja, kwa sababu jua liko mwelekeo mmoja kwa pikseli zote. Zungusha kamera tena. Rangi hiyo isipobadilika hata kidogo, jua lako limebaki kwenye nafasi ya dunia. Nomali inafuata kamera, jua halifuati. Kuzizidisha hizo mbili kwa `dot` hakuna maana.

Dawa ni kulipeleka jua kule nomali iliko:

```glsl
vec3 L = normalize((viewMatrix * vec4(uJua, 0.0)).xyz);
```

Ile 0.0 inaiambia matriksi kwamba huu ni mwelekeo, isiuhamishe kwa umbali wa kamera. Ukiweka 1.0 utapata kosa jipya, na utalitambua: rangi ya jua itabadilika kila unaposogeza kamera bila hata kuizungusha. Ukishasahihisha, paka `L` upya. Safari hii rangi inapaswa kubadilika kamera inapozunguka, na mwanga kutulia mahali pake juu ya mtungi.

SWALI: Naandika 0.5 kwenye chaneli zote tatu. Nikipima kwa kichagua rangi napata 188, si 128. Kadi yangu ya picha ni mbovu?

JIBU: Kadi ni nzima. 188 ni alama ya usimbaji wa sRGB: 0.5 iliyopitishwa kwenye mkunjo huo inakuwa takriban 0.735, na 0.735 mara 255 ni kama 188. Kuna hatua baada ya sheda yako inayobadilisha rangi kwa ajili ya skrini. Kwa picha ya kawaida hilo ndilo tunalolitaka, lakini kwa kupima linaharibu kipimo, maana kila kijivu kinaonekana chepesi kuliko thamani yake.

Zima hatua hiyo unapochunguza, pamoja na upangaji wa mwangaza, ukungu na vichujio vyote vya mwisho. Usipoweza kuizima, acha kusoma vijivu, uliza maswali ya ndiyo au hapana: `step(0.5, x)` hutoa nyeusi au nyeupe, na mkunjo wa sRGB hauzigusi hizo mbili. Kwa maswali manane ya namna hiyo, kila mara ukigawa nusu, unafikia usahihi wa 1/256, sawa kabisa na chaneli ya biti 8.

SWALI: Mng'ao kwenye chuma changu unapendeza, lakini nikiwasha kichujio cha kutawanya mwanga, viraka vyeusi vya mraba vinatokea na kupotea.

JIBU: Hapa ndipo manjano ya kile kipande cha kwanza inapofanya kazi. Dalili zako ni za NaN, matokeo ya hesabu isiyo na jibu. NaN hailingani na chochote, si ndogo wala kubwa kuliko 0, kwa hiyo inaziruka `if` zote tatu na kubaki na rangi ya kuanzia. Pikseli moja ya namna hiyo ni vigumu kuiona. Kichujio cha kutawanya mwanga hujumlisha majirani, na jumla yoyote yenye NaN ni NaN, ndiyo maana doa moja linakuwa kiraka.

Kwenye mng'ao, mtuhumiwa wa kwanza ni mstari kama `pow(dot(n, h), 32.0)`. Katika GLSL `pow` haina jibu lililowekwa kwa namba hasi, na `dot` huwa hasi kwenye pande zilizogeukia gizani. Andika `pow(max(dot(n, h), 0.0), 32.0)`.

Nikuonye jambo moja: GLSL haizilazimishi kadi kuiheshimu NaN, na kompaila nyingine huliondoa hata jaribio la `x != x`. Manjano isipotokea, usihitimishe kwamba uko salama. Paka kile kinachoingia kwenye `pow`, `sqrt`, `acos` na `normalize`, badala ya kinachotoka. Bluu mahali `pow` inapoanzia ni ushahidi tosha.

SWALI: Nikiweka rangi ya uchunguzi, `getUniformLocation` inarudisha `null`. Nikiitoa, inarudi sawa.

JIBU: Kompaila imeona kwamba rangi yako ya mwisho haitegemei tena ile `uniform`, ikaifuta pamoja na hesabu zake zote. Acha sheda nzima iishi, upake upande wa kulia tu wa skrini, kwa mfano nusu ya turubai yenye upana wa pikseli 800:

```glsl
if (gl_FragCoord.x > 400.0)
  gl_FragColor = vec4(n * 0.5 + 0.5, 1.0);
```

Kushoto unaona picha yako, kulia thamani. Mimi nafanya hivi hata pasipo na tatizo la `null`, kwa sababu kosa na chanzo chake vinakaa pamoja machoni.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Bendera yangu inapepea vizuri kwenye kompyuta. Kwenye simu inaanza vizuri, kisha inakwamakwama, na baada ya dakika kumi inaruka kama saa mbovu.

JIBU: Marahaba. Paka `vec3(fract(uMuda))` kwenye vifaa vyote viwili. Kompyuta itatoka nyeusi kwenda nyeupe taratibu kila sekunde. Kwenye simu, baada ya dakika kumi, nakisia utaona rangi mbili tu zikipokezana: nyeusi na kijivu.

Chanzo ni `precision mediump float;` iliyo juu ya sheda yako. Kompyuta nyingi huipuuza na kutumia biti 32. Simu nyingi huitii na kutumia biti 16, ambazo zina tarakimu 11 tu za jozi za kuhifadhi namba. Kati ya 512 na 1024, namba mbili jirani zinaachana kwa 0.5, na dakika kumi ni sekunde 600. Muda wako unasonga nusu sekunde kwa mpigo. Hata kwenye sekunde ya 40 hatua ni 1/32, wakati picha 60 kwa sekunde zinahitaji hatua ya 1/60. Huko ndiko kukwama ulikokuona mapema.

Tangaza `highp` kwa muda huo. WebGL 2 inailazimisha simu kuwa nayo kwenye sheda ya fragmenti. Kwenye WebGL 1 baadhi ya simu za zamani hazina. Kwa hizo, punguza muda kabla haujafika kwenye sheda. Kama mawimbi yako ni `sin(uMuda)`, tuma kutoka JavaScript `muda % (2 * Math.PI)`. Kisha paka `fract(uMuda)` tena na uiache simu iwake kwa dakika kumi na tano kabla hujaiamini.